Masizi na harufu ya moshi baada ya moto mdogo wa jikoni: ukavu kwanza, maji baadaye, rangi mwisho

Simu ikiingia huwa naijua kabla mtu hajamaliza kusalimia. "Fundi, jiko liliwaka kidogo jana, njoo utupakie rangi." Nauliza kama wameshapitisha maji ukutani. Mara nyingi jibu ni ndiyo: usiku ule ule, moto ulipozimwa, mtu alichota ndoo, akatia sabuni ya unga, akaanza kusugua. Hapo najua kazi ya siku moja imeshakuwa ya siku tatu.

Mimi ni fundi rangi hapa Dodoma, na maswali haya nimeshayajibu mara nyingi kiasi kwamba nimeona niyaandike yote. Nitatumia nyumba moja ya Ipagala niliyoifanyia kazi kama mfano, maana ndani yake yalikuwemo karibu makosa yote. Mama alikuwa anakaanga maandazi, akaitwa nje, mafuta yakashika moto. Pazia la dirisha likafuata. Mumewe aliwahi kufunika karai kwa mfuniko na kulivuta pazia chini, kwa hiyo moto haukudumu hata dakika tano. Lakini dari ya jiko ilikuwa nyeusi, sebule ilikuwa na ukungu wa kijivu ukutani, na chumba cha watoto, ambacho mlango wake ulikuwa wazi, kilinuka kama kibanda cha kuchomea nyama.

Mwongozo huu ni wa moto wa namna hiyo: umezimwa, haukuingia darini, na nyumba bado inakalika. Kama kenchi zimeungua, plasta imepasuka au kuna waya ulioyeyuka, hiyo si kazi ya ndoo na kitambaa. Na kama kuna sehemu bado inatoa moshi, toka nje upige 114, hiyo ni Zimamoto.

Kabla hujagusa ukuta

Zima swichi kuu ya umeme. Masizi yakiingia kwenye soketi yanaweza kupitisha umeme, na wewe unakuja na kitambaa chenye maji. Fundi umeme afungue soketi na swichi za jikoni azikague kabla hujawasha tena. Mtungi wa gesi uliopitiwa na moto, pamoja na mpira na regyuleta yake, usiwashwe tena. Upeleke kwa muuzaji. Unga, sukari na mboga zilizokuwa wazi jikoni zitupe. Kama mmepanga, piga picha kila ukuta na kila kitu kilichoharibika kabla hujasafisha, kwa sababu baada ya kusafisha mwenye nyumba ataona ukuta tu, hataona kilichotokea.

Watoto na mwenye pumu wakalale kwa jirani siku ya kusafisha. Masizi ni vumbi laini sana, yanaingia kifuani.

Vitu vya kuandaa

- Barakoa, glavu za mpira, miwani, na nguo ya mikono mirefu ambayo hutaililia.
- Brashi pana ya rangi, mpya au iliyo kavu kabisa, yenye nywele laini. Ufagio usiutumie ukutani.
- Vipande vya godoro la sponji, kavu, ukubwa wa tofali. Fundi makochi anavyo vya kutupa.
- Unga wa ngano kilo moja na chumvi.
- Magadi, yale yale ya kuivishia maharage. Soko la Majengo hutayakosa.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.
- Siki nyeupe.
- Ndoo tatu za plastiki. Si sufuria za alumini, sababu nitaisema.
- Vitambaa vyeupe vingi. Fulana kuukuu zinafaa sana. Vya rangi vinakuficha uchafu.
- Nailoni au turubai la kutandika chini, ngazi, na karatasi nyeupe ya chooni.

Jiki sijaiweka, na si kwa kusahau. Haiondoi masizi. Masizi ni kaboni na mafuta, na jiki haivikati. Inachofanya ni kupausha rangi ya ukuta kando ya doa. Kuna hatari nyingine pia: ikikutana na siki inatoa gesi inayochoma koo na mapafu, na siki tutaitumia. Iache kabatini.

Kwanza ujue una masizi gani

Chukua karatasi ya chooni, iguse ukutani bila kukandamiza, kisha ivute kidogo, kama sentimita tano. Fanya hivyo jikoni, sebuleni na chumbani.

Karatasi ikitoka na unga wa kijivu na ukuta ukabaki na mstari msafi, hayo ni masizi makavu. Yanatoka kwa kufutwa kwa ukavu, bila tone la maji. Ikiacha msitari mweusi uliopakaa kama kiwi ya viatu, hayo ni masizi ya mafuta. Hayo hayafutiki kwa ukavu, ukiyasugua yanazama.

Nyumba ya Ipagala ilikuwa na yote mawili, na ndivyo ilivyo kwa moto mwingi wa mafuta ya kupikia. Ukuta wa jiko, kuanzia usawa wa kifua hadi darini, ulikuwa wa kiwi. Sebule na chumbani ulikuwa unga mkavu tu. Kwa hiyo usitumie njia moja nyumba nzima. Weka alama kwa chaki mlangoni: chumba hiki kikavu, hiki cha mafuta.

Hatua ya 1: Tuliza hewa, kisha uifungulie njia

Feni ya dari usiiwashe. Itarusha masizi kutoka kwenye mapanga yake na kuyasambaza chumba kizima. Fungua dirisha la jiko na mlango unaotazamana nalo. Milango ya vyumba vilivyonusurika ifunge, na chini yake ziba kwa kanga iliyoloweshwa.

Hapa kwetu upepo ni rafiki, lakini una saa zake. Asubuhi umetulia. Kuanzia mchana, hasa Julai na Agosti, unaleta vumbi jekundu, na vumbi hilo likitua kwenye ukuta wenye mafuta unapata tope. Kazi ya ukutani ianze saa moja asubuhi.

Hatua ya 2: Toa vitambaa vyote nje

Mapazia, vitambaa vya makochi, mazulia, shuka, chandarua. Vitoe kabla hujaanza ukuta, maana kila unapopangusa kuna masizi yanaruka na kitambaa ndicho kinachoyanywa. Vikunje kwa ndani, masizi yabaki katikati, ndipo ubebe. Usivikung'utie ndani ya nyumba, na usijaribu kufuta doa kwa kiganja "kuona kama linatoka". Vipange nje marundo matatu: vyenye weusi unaoonekana, vyenye harufu tu, na visivyofuliwa kama godoro na mito. Tutavirudia.

Hatua ya 3: Shusha yaliyolegea, ukianza darini

Tandika nailoni sakafuni. Kwenye pembe za dari utaona nyuzi nyeusi zinaning'inia kama utando wa buibui. Si utando, ni masizi yaliyoshikana mnyororo. Usizifagie. Zinyanyue kwa ncha ya brashi, uzungushe kidogo, ziingie kwenye mfuko.

Kisha pitisha brashi kavu kwa mkono mwepesi, darini kwanza halafu kuta kutoka juu kwenda chini. Hausugui hapa, unaangusha tu kilichokuwa tayari kuanguka. Kwenye ukuta wa kiwi pitisha mara moja tu na uache.

Hatua ya 4: Futa kwa ukavu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayookoa rangi yako.

Kwenye vyumba vikavu, chukua kipande cha godoro. Weka ukutani, vuta mstari mmoja ulionyooka kutoka juu kwenda chini, inua. Usirudi juu, usizungushe. Mstari unaofuata uupande ule wa kwanza kidogo. Upande wa sponji ukijaa, kata kwa kisu tabaka jembamba uendelee na sehemu safi. Usiuoshe, kwa sababu ukirudi na unyevu kidogo tu unaandika ukutani.

Sponji ikishachukua yake kutabaki kivuli cha kijivu. Hapo lete kinyunga. Vikombe viwili vya unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, maji kidogo kidogo huku unakanda, mpaka kiwe kigumu kuliko cha chapati na kisinate mkononi hata kidogo. Kibonyeze ukutani na ukiviringishe kama unavyozungusha mpira, usikiburute. Kikiwa cheusi, kikunje ndani, uso mpya utoke. Njia hii ni ya zamani: Marekani, enzi nyumba zikipashwa joto kwa makaa ya mawe, kinyunga cha namna hii kiliuzwa kwa ajili ya kufutia masizi kwenye karatasi za ukutani, na miaka ya 1950 hicho hicho kikageuzwa kuwa udongo wa rangi wa watoto kuchezea.

Kinafaa kwenye ukuta laini uliopigwa skimu na rangi. Kwenye plasta ya mchanga isiyopigwa skimu kinaacha chembe kwenye vishimo, na wiki ijayo una sisimizi. Huko ishia na sponji.

Yule mama wa Ipagala alinitazama nikikanda unga akaniuliza kama nimekuja kazini au nimekuja kupika. Lakini sebule yake haikuhitaji tone la maji wala rangi. Tuliimaliza kwa ukavu saa sita mchana.

Hatua ya 5: Andaa maji ya magadi

Sasa tunaingia kwenye masizi ya mafuta, na hapa maji yetu yana tabia yake. Maji ya visima hapa Dodoma ni magumu na yana chumvi. Sabuni haitoi povu, inagandana nayo kuwa utando mweupe. Utando huo ukichanganyika na masizi unabaki ukutani kama ngozi ya kijivu. Watu husugua wakidhani masizi hayatoki, kumbe wanasugua sabuni yao wenyewe.

Magadi yanafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: yanaangusha ule ugumu wa maji, na yanakata mafuta.

Saga magadi, pima vijiko vya chakula 8, yeyusha kwenye lita moja ya maji ya moto. Yaache yatulie, kisha chuja kwa kitambaa, maana magadi ya sokoni yana mchanga na udongo, na udongo huo utachafua ukuta mweupe. Mimina kwenye ndoo yenye lita 9 za maji. Kama maji yako ni magumu utayaona yanageuka weupe kidogo, kama yametiwa maziwa. Subiri nusu saa weupe ushuke chini, mimina maji ya juu kwenye ndoo nyingine, ndipo utie vijiko 2 vya sabuni ya vyombo. Ukianza na sabuni kabla ya magadi, sabuni imeshapotea.

Ndoo ya pili iwe na maji safi ya kusuuzia. Ya tatu ni ya kukamulia vitambaa vichafu.

Tahadhari: magadi yanakula alumini. Fremu za madirisha ya alumini zifunike kwa nailoni, na sufuria zisafishe kwa sabuni tupu. Vaa glavu, ukiyashika bila glavu saa nzima ngozi inapasuka. Yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi papo hapo.

Hatua ya 6: Osha ukuta ukianzia chini

Najua inasikika kichwa chini miguu juu. Sababu ni hii: maji machafu yakichuruzika juu ya ukuta ambao bado mkavu na mweusi, yanachora michirizi, na rangi inaifyonza papo hapo. Yakichuruzika juu ya ukuta ulioshaoshwa na bado una maji, yanateleza tu na unayafuta. Kwa hiyo anza karibu na sakafu, panda.

Jaribu kwanza nyuma ya mlango, sehemu ya ukubwa wa kiganja. Rangi ikitoka na kitambaa, punguza magadi nusu.

Fanya kipande cha nusu mita kwa nusu mita. Lowesha kitambaa, kamua, pakaa, hesabu hadi thelathini bila kusugua ili magadi yalegeze mafuta. Futa, suuza papo hapo kwa kitambaa cha maji safi, kausha kwa cha tatu. Ndipo upande juu. Usiache maji ya magadi yakaukie ukutani: rangi ya mafuta inapoteza mng'ao, na rangi ya maji inabaki na chumvi nyeupe.

Maji yakiwa meusi kiasi cha kutoona chini ya ndoo, mwaga. Jiko la Ipagala, mita tatu kwa tatu, lilikula ndoo tano za magadi na zaidi ya kumi za kusuuzia. Panga kazi hii siku ya zamu yako ya maji, au jaza simtanki kwanza.

Ukuta wa chokaa usiuoshe kabisa, utaoga chokaa yote. Huo upige brashi kavu, kwangua palipo peusi sana, utaupaka upya baadaye.

Hatua ya 7: Dari mwisho, kwa maji kidogo

Dari ya jipsam imevikwa karatasi. Ukiilowesha inavimba, inaacha alama ya maji ya kahawia, na ikizidi inashuka. Tumia kitambaa kilichokamuliwa hadi hakidondoshi hata tone, kipande kidogo kidogo, na usirudie mahali pamoja zaidi ya mara mbili. Kivuli kitakachobaki kitamalizwa na rangi ya mafuta. Kama nyumba haina dari, piga brashi mbao za kenchi na uzipanguse. Mbao zinahifadhi harufu kuliko bati.

Hatua ya 8: Vitambaa

Vyote vikung'ute nje, ukisimama upande unakotoka upepo. Kisha vianike kwenye kamba siku nzima kabla ya kuvilowesha. Ukame wetu hapa unafanya kazi ambayo watu wa Tanga au Dar hawaipati: nguo zenye harufu tu, siku mbili za kamba kivulini zinaweza kukutosha hata usifue.

Vyenye weusi: weka sabuni ya vyombo moja kwa moja kwenye doa kikavu, bonyeza kwa vidole, acha dakika kumi na tano. Usisugue nguo kwa nguo. Loweka kwenye maji ya baridi, siyo ya moto, yenye vijiko 4 vya magadi yaliyochujwa kwa lita 10, saa moja. Fua, mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe. Suuza mara ya mwisho na kikombe kimoja cha siki kwenye ndoo ya lita 20. Siki inaondoa ubaki wa magadi na sehemu ya harufu.

Kanga na vitenge vipya jaribu pindo kwanza, magadi yanaweza kuvujisha rangi. Sufu na hariri usizitie magadi kabisa, sabuni laini tu. Chandarua chenye dawa kifuliwe kwa sabuni ya kipande na maji ya baridi, kianikwe kivulini. Jua na jiki vinaua dawa iliyomo.

Kosa kubwa hapa ni pasi. Nguo ikikauka, inuse kwapani na kwenye mishono. Kama bado inanuka, irudishe kwenye maji. Ukiipiga pasi, joto linakaanga yale mafuta ndani ya nyuzi, na baada ya hapo harufu itakaa humo mpaka nguo ichakae. Yule mama alipiga pasi sare za watoto Jumapili usiku kwa sababu kesho shule. Nyingine zote zilipona. Kola za zile sare zilibaki na ukijivu na harufu hadi walipozibadilisha.

Hatua ya 9: Godoro na makochi

Godoro vua foronya yake, fua. Sponji yenyewe usiiloweshe, haikauki katikati. Isimamishe kwa ubavu mahali penye upepo, siku tatu, ugeuze mchana, na iingie ndani kabla ya jioni. Kata kipande kidogo pembeni uangalie: kama weusi umeingia zaidi ya sentimita moja, usipoteze muda, hilo la kutupa. Makochi yapige brashi, kisha nyunyiza bikaboneti ya kuokea, acha usiku kucha, uifagie asubuhi. Mkaa kwenye bakuli unasaidia ndani ya kabati lililofungwa. Kwenye chumba kizima sijauona ukifanya chochote.

Hatua ya 10: Ngoja, pima, ndipo upake

Kiangazi ukuta upe siku tatu, masika wiki. Pitisha kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na kijivu, rudi hatua ya 6. Kisha pima harufu, lakini si kwa pua yako iliyoshinda humo. Funga madirisha saa sita mchana, kaa nje saa mbili, umwite jirani aingie kwanza.

Palipokuwa na masizi ya mafuta, paka andakoti ya rangi ya mafuta mkono mmoja, iache hadi kesho yake, ndipo rangi ya maji mikono miwili. Ukuta uliokuwa na rangi ya mafuta inayong'aa upige msasa laini kwanza. Usianze na rangi ya maji moja kwa moja. Lami ya moshi inayeyuka kwenye unyevu wa rangi ile na kupanda nayo juu.

Yakikwama

*Nimeshapaka na sasa yanatokea mabaka ya njano.* Ndiyo lami niliyoisema hapo juu. Kuongeza mikono ya rangi ya maji hakusaidii, yatapanda tena. Acha ikauke, paka andakoti ya mafuta juu ya mabaka na kuyazidi kidogo pembeni, kisha rudia rangi.

*Nilimwaga maji usiku ule, nina michirizi.* Ifute kwa magadi ya nguvu ile ile ukianzia chini, mara mbili. Isipotoka ya tatu, usiendelee kusugua. Rangi itatoka kabla ya mchirizi. Iachie andakoti.

*Ukuta ni safi lakini nyumba inanuka.* Mara nyingi si moto uliowaka, ni sufuria ya nyama au maharage iliyosahaulika ikaungua. Moshi wake hauachi weusi. Unaacha utando mwembamba wa njano unaonata, hauonekani. Pitisha kidole juu ya mlango, utauhisi. Osha kila kitu kama vile ni cheusi, pamoja na milango na makabati ndani na nje.

*Harufu iliisha, imerudi mvua za Desemba.* Unyevu unaiamsha pale ilipojificha. Tafuta nyuma ya kabati, juu ya fremu za milango, mapanga ya feni, wavu wa mbu wa dirishani, chini ya meza, na tundu la taa darini. Ipagala ilikuwa wavu. Tuliung'oa, tukauloweka kwenye magadi, maji yakatoka kama chai ya rangi.

*Nimechoma udi na ubani, baada ya siku mbili harufu iko pale pale.* Umeongeza moshi juu ya moshi.

*Tulizima kwa mtungi wa zimamoto, kuna unga kila mahali.* Uzoe mkavu kwa brashi kabla ya hatua ya 3, hasa kwenye jiko na vyuma. Ukiulowesha unaganda, na aina nyingi zinaozesha chuma.